«Inamfaa Mtu Yeyote» na Dhana Nyingine Zinazoharibu Maelezo ya Zawadi

Kazi yangu ni kuwaandikia wafanyabiashara wa Nairobi maelezo ya bidhaa zao, na bidhaa nyingi kati ya hizo hununuliwa ili kupewa mtu mwingine. Wiki hii, kwa mara nyingine, mwenye duka amenirudishia maelezo akiwa amefuta sentensi iliyotaja aliyekusudiwa na kuandika mahali pake: «Zawadi hii inamfaa mtu yeyote kwa hafla yoyote.» Sababu aliyonipa ni ile ile ninayoisikia kila mara, kwamba ukimtaja mtu mmoja utawafukuza wengine wote.

Dhana: ukisema bidhaa inamfaa kila mtu, utapata wanunuzi wengi zaidi.

Ukweli ni kwamba anayetafuta zawadi hanunui kama anayejinunulia mwenyewe. Anayejinunulia anajua urefu wake, safari zake na vitu ambavyo tayari anavyo nyumbani. Mnunuzi wa zawadi analazimika kumkisia mtu ambaye hayupo, na jambo analoliogopa kuliko bei ni aibu ya kutoa kitu ambacho mpokeaji atashukuru kwa adabu kisha akifungie kabatini. Mtu mwenye hofu hiyo anapoambiwa kwamba kitu kinamfaa yeyote, hajapewa hata neno moja la kumsaidia kuamua. Ataendelea kupekua simu hadi akutane na duka linalomweleza shangazi yake kana kwamba linamjua.

Nitumie mfano wa kiondo, kwa kuwa ndicho kinachoandikiwa vibaya zaidi. Chukua kiondo cha katani kilichofumwa kwa mkono Machakos na kutiwa mikanda ya ngozi katika Soko la Kariokor. Mdomo wake una upana wa sentimita 32, kimo ni sentimita 28, na mikanda inainuka sentimita 25 juu ya mdomo. Hakina zipu. Maelezo ya mwenye duka yalisema hivi: «Kiondo kizuri cha kisasa, cha kipekee, zawadi bora kwa mwanamke yeyote.» Ukiiweka sentensi hiyo chini ya picha ya saa, ya manukato au ya sufuria, itakaa vizuri vile vile, na hicho ndicho kipimo changu cha kwanza cha sentensi isiyo na kazi.

Kabla ya kuandika upya, huwa ninajiuliza mnunuzi anaweza kuona nini kwa macho yake kuhusu mpokeaji. Umri na jinsia havitoshi, kwa sababu wanawake wawili wenye miaka 60 wanaweza kuwa na maisha yasiyofanana hata kidogo: mmoja anaendesha gari lake, mwingine anapanda matatu kutoka Githurai kila alfajiri. Mtoto huenda asijue mama yake anapenda mtindo gani, lakini anajua kama hubeba mkoba begani au mkononi, anajua anabeba nini ndani yake, na anajua anasafiri vipi. Kwa hiyo maelezo yaanze na uhusiano, yafuatiwe na mazoea yanayoonekana, kisha vipimo vitajwe kwa namna inayoyahusu mazoea hayo:

«Kwa mama, shangazi au mwalimu anayestaafu ambaye hubeba mahitaji yake ya siku nzima katika mkoba mmoja: leso, kitabu, miwani, pochi na chupa ya maji. Mikanda ya ngozi inainuka sentimita 25, kwa hiyo kiondo kinaning'inia begani bila kubana hata akiwa amevaa sweta. Hakina zipu; kwa anayepanda matatu saa za msongamano, chagua kile chenye kifuniko. Kinapanguswa kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, hakiloweshwi.»

Sentensi inayowatia wauzaji hofu ni ile ya zipu. Wanauliza ni kwa nini tutangaze kasoro. Kukosa zipu si kasoro kwa mama mwenye gari, ila ni kero ya kila siku kwa anayesimama kwenye foleni ya matatu huku akilinda simu yake. Anayesoma onyo hilo hufanya mojawapo ya mambo mawili: ama ananunua chenye kifuniko, ambacho pia unakiuza, ama anatambua kwamba onyo halimhusu mama yake na kukinunua hiki kwa moyo mtulivu. Mnunuzi unayempoteza ni yule ambaye angekirudisha. Tena watu wengi hununua wakiwa pembezoni mwa maelezo: anayemtafutia dada yake aliyehitimu zawadi atasoma habari za chupa ya maji na kitabu, naye ataamua mwenyewe kwamba inamhusu. Sijaona mtu anayeacha kumnunulia dada kwa sababu maelezo yalimtaja shangazi.

Ukitaka kujua kama maelezo yako yameshindwa, soma maswali unayotumiwa kwenye WhatsApp. Wanunuzi wakiuliza «mkanda unafika begani?» au «mtu mzima anaweza kukibeba?», basi jibu halimo katika maandishi au limezikwa mwishoni. Swali likiulizwa mara ya pili, lipandishe jibu lake juu. Nakubali kwamba utaratibu huu una mipaka: kwa asali au majani ya chai hakuna mengi ya kusema kuhusu mazoea ya mpokeaji, na pale ni afadhali kueleza kiasi, ufungashaji na muda wa kuharibika.

Dhana: orodhesha hafla zote, kuanzia siku ya kuzaliwa hadi harusi.

Orodha ya hafla saba ni «yeyote» iliyovaa nguo nyingine. Taja hafla moja katika sentensi ya kwanza na uibadilishe kwa majira: mama kabla ya Jumapili ya pili ya Mei, wanaohitimu msimu wa mahafali unapokaribia. Mwili wa maelezo ubaki vile vile. Sentensi hiyo ya kwanza ina uzito kwa sababu Instagram huficha maandishi yote isipokuwa mistari michache ya mwanzo, na ukiijaza salamu na emoji za maua, mnunuzi hataifikia habari yenyewe.

Dhana: sifa kubwa huuza.

«Ya kifahari» na «ya kipekee» hazimwambii mtu chochote. Hatari kubwa zaidi iko katika sifa zinazoweza kuthibitishwa. Vikapu vingi sokoni vina nyuzi za plastiki au za sufi bandia, na ukiandika «katani halisi» juu ya kikapu cha aina hiyo, umetoa maelezo ya uongo ambayo Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012 inayakataza. Andika nyuzi zilizotumika. Wapo wanaopendelea plastiki, kwa sababu haidhuriki ikilowa.

Dhana: ficha bei ili mtu akuandikie.

Mnunuzi wa zawadi huanza na kiasi alicho nacho mfukoni, hasa ikiwa wafanyakazi wenzake wamemchangia na ni lazima awape hesabu. Bei isipoonekana, hataandika. Ataenda kwa jirani yako. Kando ya bei, weka siku ya mwisho ya kuagiza ili mzigo ufike Nakuru au Kisumu kabla ya sherehe, na useme kama kiondo kinasafirishwa kikiwa kimejazwa karatasi ndani, kwa maana kikibanwa chini ya mizigo mingine hufika kikiwa na mikunjo, na anayekifungua mbele ya wageni ni mpokeaji.