Raundi 18 na kipande: dhana potofu za kupimia mbio ndefu kwa mzunguko wa kiwanja

Suala linaloulizwa sana na watu wa mazoezi wa alfajiri, iwe Maisara, Mnazi Mmoja au Gombani kule Pemba, ni hili: raundi ngapi zinatimiza nusu marathoni? Jibu huwa tayari mdomoni. "Raundi moja kilomita moja na kitu, piga 19." Hicho "kitu" ndicho kinachoharibu hesabu. Nusu marathoni ni mita 21,097.5. Tuchukue mzunguko wa mfano uliopimwa ukatoka mita 1,140. Anayeuhesabu kuwa kilomita 1.1 ataona anahitaji raundi 19 na kidogo, na atakapomaliza atakuwa amekimbia mita 767 za ziada. Namba za mfano huu tutakwenda nazo mpaka mwisho. Nyinyi mtaweka za kwenu.

Dhana: "Mzunguko una urefu mmoja, ukimbie ndani au nje"

Mzunguko hauna urefu mpaka useme umepima mstari gani. Katika uwanja wa riadha, mita 400 ni za mstari wa kufikirika ulio sentimita 30 kutoka ukingo wa ndani wa njia ya kwanza. Aliyeko njia ya pili, akizunguka raundi nzima, anakwenda takriban mita 407.

Kanuni yake ni nyepesi, na wengi hawaiamini mpaka waipige wenyewe: ukijitenga mita moja nje ya mstari uliopimwa, ukabaki na umbali huo raundi nzima, unaongeza mita 6.28. Ni mara mbili ya pai, basi. Urefu wa mzunguko hauhusiki. Uwe wa mita 400 au wa kilomita 2, mita moja ya nje ni mita 6.28 kwa raundi, maadamu njia haijipindi kuingia ndani pahala popote.

Sasa watazameni watatu wanaokimbia sambamba huku wakizungumza. Wa ndani yuko juu ya mstari, wa nje yuko mita 2 mbali naye. Kila raundi wa nje anaongeza mita 12.6, na kwa raundi 18 ni mita 226. Wameanza pamoja, wamemaliza pamoja, lakini hawakukimbia masafa mamoja. Dawa ni kupokezana upande wa ndani, au kukubali kwamba hesabu ni ya mmoja tu.

Dhana: "Nimekwepa kidimbwi kila raundi, hesabu imeshaharibika"

Hapa watu hukosea kinyume chake. Wakati wa masika maji yanatuama njiani, na mtu huona kila anapoyakwepa anajiongezea masafa makubwa. Lakini kama uko kwenye sehemu iliyonyooka, ukaanza kujitoa mita 20 kabla ya maji mpaka ufike mita 2 pembeni, kisha ukarudi taratibu kwa mita 20 nyingine, umeongeza sentimita 20 hivi. Kwa raundi 18 haifiki mita 4. Kukwepa ni rahisi. Ghali ni kukaa nje kwenye kona, kwa sababu ziada yote ya mita 6.28 inatoka konani. Kwenye mnyooko, ndani na nje ni sawa.

Dhana: "Saa ya GPS imenipimia, na nikizunguka mara kumi wastani utatoka sahihi"

Wastani unafuta makosa yanayokwenda huku na huku. Haufuti kosa linalorudi upande ule ule kila raundi. Saa inaunganisha nukta kwa mistari iliyonyooka, kwa hiyo kwenye kona kali inakata ndani, na itakata vile vile raundi ya kwanza na ya kumi. Chini ya miti mikubwa na kando ya majengo nukta zinarukaruka, na huko inaongeza masafa ambayo hukuyakimbia. Kwa mbio za barabarani si hoja kubwa. Kwa kiwanja kidogo chenye kona nyingi, kosa la mita 10 linazidishwa mara 18.

Chombo bora kiko nyumbani: baiskeli. Tia pumzi magurudumu vizuri, kisha funga kitambaa chekundu kwenye spoku moja ya gurudumu la mbele, karibu na vali. Kwanza unalipima gurudumu lenyewe. Tandika tepu ya chuma ya mita 50 mara nne kwenye lami iliyonyooka upate mita 200, halafu lisukume baiskeli kwa mkono ukihesabu kila kitambaa kinapogusa chini. Tuseme limezunguka mara 96 na nusu. Mita 200 ugawe kwa 96.5, kila mara moja ni mita 2.0725. Sasa nenda kwenye mzunguko, shika sentimita 30 kutoka ukingo wa ndani, na kila ukifika kumi hamisha kijiwe kimoja kutoka mfuko huu kwenda ule. Mara 550 zinatoa mita 1,139.9, ndiyo ile 1,140 yetu.

Msipande baiskeli siku ya kupima gurudumu halafu mkaisukuma siku ya kupima kiwanja. Uzito wa mtu unabonyeza mpira na gurudumu linakuwa kama limepungua. Jua nalo linatanua pumzi, kwa hiyo kazi yote imalizwe asubuhi moja, na zile mita 200 zirudiwe mwishoni. Zikitoka 96 na robo badala ya nusu, kuna kitu kimebadilika na kipimo kirudiwe.

Dhana: "Kipande kinachobaki kinamaliziwa mwisho"

Mita 21,097.5 kwa 1,140 ni raundi 18, na zinabaki mita 577.5. Wengi huziacha mwisho, wakati miguu imechoka na alama ya kumalizia haionekani vizuri. Zianzeni. Kutoka kwenye mstari wenu, rudini nyuma kinyume na mwendo mkiwa na baiskeli, gurudumu lizunguke mara 278 na theluthi mbili, hapo wekeni alama. Mbio zinaanzia hapo na zinaishia mstarini.

Ukiukanyaga mstari mara ya kwanza, hesabu ni sifuri, si moja. Utaukanyaga mara 19 kwa raundi 18, na raundi inayopotea aghlabu hupotelea hapa.

Dhana: "Nikisahau niko raundi ya ngapi, basi tena"

Tasbihi ya kidole, ile ya kubonyeza, inafaa sana, ila jasho huifanya ibonyezeke mara mbili au isibonyezeke kabisa. Saa ya kawaida itakusahihisha. Kwa mwendo wa dakika 6 kwa kilomita, raundi yetu ni dakika 6 na sekunde 50, na kile kipande cha mwanzo ni dakika 3 na sekunde 28. Tuseme uko mstarini, saa inasoma 1:39:20, tasbihi inasema 13. Toa kipande, inabaki 1:35:52; gawa kwa 6:50, unapata 14. Raundi ya 13 ingekukuta mstarini kwenye 1:32 na kitu. Ongeza moja, endelea.

Njia hii inategemea mwendo usiobadilika sana. Ukichelewa sekunde 10 kila raundi, baada ya raundi 14 umepoteza sekunde 140, kama theluthi ya raundi, na jibu bado linajulikana. Ukichelewa sekunde 30 kila raundi, saa itakuhesabia raundi nzima ambayo hukuikimbia, kwa hiyo gawa kwa muda wa raundi zako za kweli, si ule uliopanga.