Choo kigumu kisichosikia papai: pale tatizo linapoanzia shingoni

"Daktari, nakula matembele kila siku, papai na maji sijaacha, lakini huu mwezi wa tano choo napata mara moja kwa wiki. Kuna ugonjwa gani mwilini unaoweza kufanya hivi?"

Yapo magonjwa kadhaa, na mawili ya kuyafikiria mapema ni tezi ya shingo iliyopunguza kazi na kisukari. Nitakaa zaidi kwenye tezi, kwa sababu hujificha vizuri na hutibika vizuri.

Mbele ya shingo, chini ya koo, kuna tezi ndogo yenye umbo la kipepeo iitwayo thairoidi. Homoni yake ndiyo inayoupangia mwili kasi ya kufanya kazi. Ikipungua, moyo hupiga polepole, ngozi hukauka, na mtu huhisi baridi wenzake wakitokwa jasho. Utumbo nao hupunguza mwendo. Kwa kawaida misuli yake hujikunja kwa mawimbi yanayosukuma kinyesi mbele. Mawimbi yakilegea, kinyesi hukaa ndani ya utumbo mpana, na kazi ya utumbo huo ni kunyonya maji. Kadiri kinavyokaa ndivyo kinavyokauka. Matembele na papai huongeza mzigo wa kusukumwa, lakini msukumaji amechoka, kwa hiyo wengine huishia kujaa gesi tu.

Tumchukulie mama wa miaka 44, muuza vitenge wa Tanga, mwenye kilo 62. Ni Januari, jirani zake wanalala na feni, yeye anajifunika blanketi. Sauti imekuwa nzito, uso huamka umevimba, na hedhi iliyokuwa ya siku 4 sasa inafika siku 9. Akienda kupima anaambiwa damu imepungua, himoglobini ni 9, anapewa vidonge vya kuongeza damu. Baada ya wiki mbili choo kinakuwa kigumu zaidi na cheusi. Kila mtu nyumbani anavilaumu vidonge.

Lawama hiyo ina ukweli nusu. Madini ya chuma huweza kufanya choo kiwe kigumu, na weusi ule ni wa kawaida kwa anayevimeza. Lakini ukimuuliza vizuri, atakwambia choo kilianza kumsumbua miezi mitatu kabla ya kidonge cha kwanza. Swali hilo la nini kilitangulia nini mara nyingi hufunua mengi, ndiyo maana daktari huuliza tarehe na dawa zote kabla ya kuandika kipimo chochote. Kwa mama huyu tezi iliyolegea ndiyo iliyorefusha hedhi, hedhi ikapunguza damu, na dawa ya damu ikaongeza ugumu wa choo uliokuwepo tayari.

Akimpima kwa mikono, daktari atakuta mapigo ya moyo 54 kwa dakika. Akigonga nyuma ya kifundo cha mguu kwa kinyundo, mguu unaruka lakini unarudi taratibu mno, na hiyo ni dalili nzuri ya tezi iliyolegea. Shingo huenda isiwe na uvimbe wowote, kwa hiyo kukosa rovu hakumaanishi tezi ni nzima. Atamwomba pia ruhusa ya kupima njia ya haja kubwa kwa kidole. Wengi huona aibu, ila ni kipimo cha dakika moja kinachoonyesha kinyesi kilichokwama, uvimbe, au misuli isiyolegea wakati wa kusukuma.

Kisha damu huenda maabara kupimwa TSH na T4. T4 ni homoni ya tezi yenyewe. TSH hutoka kwenye tezi nyingine ndogo chini ya ubongo, na kazi yake ni kuiamrisha thairoidi ifanye kazi. Thairoidi ikizembea, amri huongezwa. Kwa hiyo TSH iliyo juu pamoja na T4 iliyo chini maana yake ni kwamba thairoidi inaamrishwa sana lakini haiwezi kuitika. Kwa mtu mzima, maabara nyingi huhesabu TSH ya kawaida kuwa kati ya 0.4 na 4 hivi. Ya mama huyu ni 46. Ingekuwa 6 na T4 ikawa ya kawaida, nisingeharakisha kusema ndiyo iliyomfungia choo. Ningerudia kipimo baada ya miezi miwili au mitatu na kutafuta sababu nyingine.

Kisukari hufika kwenye utumbo kwa njia tofauti. Sukari ikikaa juu miaka mingi huharibu mishipa ya fahamu, pamoja na ile inayoendesha utumbo bila sisi kuamua. Mtu huyo mara nyingi tayari ana ganzi au moto kwenye nyayo, au kizunguzungu akisimama ghafla. Wengine hufunga choo siku kadhaa kisha huharisha, tena usiku. Sukari ya asubuhi kabla ya kula ikiwa milimoli 7.0 kwa lita au zaidi, au HbA1c, yaani kipimo cha wastani wa sukari ya miezi miwili mitatu iliyopita, ikiwa asilimia 6.5 na kuendelea, ni kisukari, ingawa kwa asiye na dalili kipimo hurudiwa kabla ya kumthibitisha. HbA1c ina udhaifu mmoja: upungufu wa madini ya chuma huweza kuipandisha na selimundu huweza kuishusha, kwa hiyo kwa watu hao sukari ya asubuhi hutegemewa zaidi.

Damu hiyohiyo inaweza kupimwa kalisi iliyozidi na potasiamu iliyopungua, hasa kwa anayemeza dawa za kukojoza maji, kwa sababu zote mbili hulegeza utumbo. Kwa mzee anayetetemeka mkono na kutembea kwa hatua fupi, daktari hufikiria ugonjwa wa Parkinsoni, ambao unaweza kuleta choo kigumu miaka kadhaa kabla ya mtetemo.

Si kila mwenye choo kigumu anahitaji orodha yote hii. Asiyeweza kungoja ni mwenye damu kwenye choo, anayekonda bila sababu, mwenye upungufu wa damu usioelezeka, au aliyevuka miaka 45 hivi ambaye choo chake kimebadilika ghafla. Huyo huangaliwa utumbo mpana kwa kamera, kwa sababu saratani nayo huziba njia. Na tumbo likivimba, ukatapika, ukashindwa hata kutoa upepo, hospitali ni siku hiyohiyo.

Mama wa Tanga anaandikiwa levothairoksini, kidonge cha homoni ya tezi inayokosekana, mikrogramu 100 kila asubuhi. Baada ya wiki 6 TSH imeshuka hadi 19 tu, na choo bado kinasumbua. Kipimo cha dawa kilikuwa sawa, kosa lilikuwa kwenye saa: alikuwa anaimeza pamoja na kidonge cha damu, akishushia kwa chai ya maziwa. Chuma huishika dawa hiyo tumboni isinyonywe, na kalisi ya maziwa hufanya hivyohivyo. Sasa anaimeza kwa maji matupu akiamka, anafagia na kuandaa watoto, chai inafuata baada ya saa nzima, na kidonge cha damu kinahamia usiku. Wiki 8 baadaye TSH ni 2.8, hedhi imerudi siku 5, na choo anapata kila baada ya siku moja.