Mkakati Bora Kati ya Elfu Moja: Tuhesabu Bahati Kwanza

Wengi wanaofanya biashara ya foreksi hapa Mombasa hunionyesha mkakati mmoja uliong'aa kwenye bei za nyuma, na karibu wote husahau kutaja ile mingine waliyoijaribu ikafeli. Kwa mtu wa takwimu, hiyo iliyofeli ndiyo habari yenyewe.

Nichukue mfano wa jamaa mmoja wa Tudor, ambaye alinijia na bei za kila siku za EURUSD, yaani euro kwa dola, za miaka 4. Alikuwa ameunganisha viashiria vitatu: wastani unaosogea wa siku chache, akaupa thamani 10 tofauti, wastani wa siku nyingi, nao thamani 10, na kiwango cha kuingilia sokoni cha RSI, kipimo cha kasi ya kupanda na kushuka kwa bei, vilevile thamani 10. Kompyuta ikajaribu michanganyiko yote 1,000 juu ya bei zilezile, na ule ulioshinda ukapata uwiano wa Sharpe wa 1.5 kwa mwaka. Uwiano huo ni wastani wa faida ukigawanywa kwa kuyumba kwake, na kwa kawaida 1.5 ni namba ya kujivunia. "Kaka, hii haiwezi kuwa bahati," aliniambia.

Inaweza. Mkakati usio na uwezo wowote una Sharpe ya kweli ya sifuri, lakini ukiupima kwa miaka michache hautatoa sifuri kamili; utapanda au kushuka kwa takriban 1 gawanya kwa kipeuo cha pili cha idadi ya miaka. Kwa miaka 4, kiasi hicho, ambacho nitakiita myumbo, ni 0.5. Ukijaribu mkakati mmoja tu, kufika 1.5 kwa bahati ni nadra, kwa kuwa ni mara tatu ya myumbo huo. Ukichagua ulio bora kati ya mikakati 1,000 isiyohusiana, nadharia inasema mshindi atafika kama mara 3.2 ya myumbo, yaani karibu 1.6, bila mmoja wao kujua lolote kuhusu soko. Jamaa yetu hakufikia hata hapo.

Hata hivyo, tusimhukumu haraka. Michanganyiko yake si 1,000 kwa maana halisi, kwa sababu wastani wa siku 20 na ule wa siku 21 hununua na kuuza karibu siku zilezile. Ikiwa kwa hakika ni sawa na mikakati 100 tofauti, mshindi wa bahati angetarajiwa kufika 1.25 hivi. Kwa sababu hiyohiyo, sipendi kanuni ya Bonferroni ya kugawanya kizingiti cha bahati cha 0.05 kwa idadi ya majaribio, 1,000: huichukulia kila jozi ya mapacha kuwa watu wawili wasiojuana.

Njia ninayoiamini zaidi ni kuvuruga mpangilio wa mapato ya kila siku, yaani mabadiliko ya bei kwa asilimia, kama mtu achanganyavyo karata, kisha kurudia utafutaji wote, si kumpima mshindi peke yake. Hapa `sharpe` huunda upya mfululizo wa bei kutokana na mapato yaliyovurugwa kabla ya kuutumia mkakati.

```python
bora = []
for i in range(500):
    r = np.random.permutation(mapato)
    bora.append(max(sharpe(k, r) for k in mikakati))
print(np.mean(np.array(bora) >= 1.5))
```

Tuseme jibu ni 0.12. Maana yake ni kwamba katika historia 100 zisizo na mpangilio wowote wa kufuatwa, takriban 12 zingetoa mshindi mzuri kama wake au zaidi, na mimi nisingeweka pesa hapo. Uhusiano kati ya michanganyiko umekwisha kuhesabiwa, kwani mapacha hupanda na kushuka pamoja katika kila mzunguko. Kasoro yake ni kwamba kuvuruga siku mojamoja huvunja vipindi vya msukosuko, ambavyo sokoni hufuatana. Ni heri kuvuruga vipande vya siku kadhaa. Mwanauchumi Halbert White aliweka msingi rasmi wa kipimo cha jamii hii mwaka 2000.

Wapo wanaojitetea kwamba waliuficha mwaka wa mwisho wa bei kwa ajili ya jaribio la mwisho. Vyema, ila huwa wanaupitisha humo mkakati wa kwanza, ukianguka wa pili, hata wakafika wa 20. Kwa mwaka mmoja myumbo ni 1 kamili, na bora kati ya 20 isiyohusiana hutarajiwa kufika karibu 1.9 kwa bahati tupu, namba inayopendeza kuliko ile 1.5 ya mwanzo. Mwaka uliofichwa hutumika mara moja; baada ya hapo ni sehemu ya utafutaji.

Kusubiri bei mpya ni njia safi, lakini ina gharama yake: mkakati wenye Sharpe ya kweli ya 0.5 huhitaji miaka 16 ili Sharpe hiyo iwe mara mbili ya myumbo.