Sehemu ya mjadala katika makala ya utafiti: matokeo yanaishia wapi, tafsiri inaanzia wapi

Tuchukue sentensi ya mfano: "Vyandarua vilipunguza malaria kwa asilimia 9 kwa sababu ya elimu iliyotolewa kliniki." Tuseme utafiti wenyewe uliwapima watoto mara moja tu, ukakuta vimelea kwa asilimia 12 ya waliolala kwenye chandarua na asilimia 21 ya wasiolala.

Dhana: Tafsiri hutambulika kwa "huenda" na "inaonekana", sentensi isiyo na maneno hayo ni matokeo.

Ukweli: Tafsiri hupenda kujificha kwenye kitenzi. "Vilipunguza" ni dai kwamba chandarua ndicho kilicholeta tofauti, ilhali watoto hawa hawakufuatiliwa wala kugawanywa kwa bahati nasibu. Inawezekana wenye vyandarua ndio wenye nyumba bora, au wanaoishi mbali na mazalia ya mbu. "Kwa sababu ya elimu" ni kosa kubwa zaidi, kwani dodoso halikuwa na swali lolote kuhusu elimu. Hata hesabu ina walakini: kutoka 21 hadi 12 ni pointi 9 za asilimia, lakini ukilinganisha na ile 21, ni pungufu ya karibu asilimia 43.

Ikihaririwa, inakuwa sentensi mbili. "Maambukizi yalikuwa machache kwa watoto waliolala kwenye chandarua kuliko kwa wenzao. Tofauti hii inaendana na kinga ya chandarua, ingawa ubora wa nyumba, ambao haukupimwa, unaweza kueleza sehemu yake." Elimu inafutwa.

Dhana: Matokeo hayatakiwi kabisa kwenye mjadala.

Ukweli: Yanatakiwa, kwa ufupi, ili msomaji ajue kinachofafanuliwa. Kisichotakiwa ni matokeo mapya. Pitia aya kwa aya na, pembeni ya kila tamko kuhusu data, andika namba ya jedwali linalolibeba. Tamko lisilo na jedwali ama ni tafsiri, ama ni tokeo lililopotea njia. Mfano wa kawaida ni ulinganisho wa umri unaoibuka kwa mara ya kwanza kwenye mjadala: urudishe kwenye matokeo, na njia yake iende kwenye sehemu ya mbinu. Kama ulifanywa baada ya data kuonekana, mwandishi aseme hivyo waziwazi.

Dhana: Thamani ya p ikizidi 0.05, andika "hakukuwa na tofauti".

Ukweli: Hiyo nayo ni tafsiri, tena mara nyingi ya uongo. Tuseme uwiano wa hatari kati ya makundi mawili ni 0.80, ambapo 1 ni hatari sawa, na masafa ya uhakika ya asilimia 95 ni 0.60 hadi 1.07. Masafa hayo yanaruhusu pungufu ya asilimia 40 na pia ongezeko la asilimia 7. Kwenye matokeo, weka namba hizo tatu bila maelezo. Kwenye mjadala, andika kwamba data hazikutosha kuamua.