Barua ya kusimamishwa masomo: dhana potofu na ukweli wake

Barua ya kusimamishwa masomo kwa kawaida haizidi ukurasa mmoja. Mzazi huisoma mara moja tu, hasira au aibu ikiwa imempanda, kisha anaikunja. Mwalimu naye mara nyingi ameiandika mbiombio, pengine amechukua ya mwaka jana akabadilisha jina na tarehe. Nimekaa kwenye kamati za nidhamu kiasi cha kujua kwamba ugomvi unaofuata kati ya shule na nyumbani huzaliwa katika sehemu tatu za karatasi hiyo: sababu, muda na masharti ya kurudi.

Tuchukue barua moja ya kubuni, lakini ya aina ambayo walimu na wazazi wengi wataitambua:

> YAH: KUSIMAMISHWA MASOMO
>
> Mtoto wako amesimamishwa masomo kwa siku tano kuanzia leo kutokana na utovu wa nidhamu uliokithiri. Atapokelewa akija na mzazi, akiwa amebadilika tabia, na baada ya kulipa gharama zote za uharibifu.

Imeandikwa Jumatano, tarehe 12. Kilichotokea ni kwamba siku moja kabla, wavulana wawili walipigana darasani wakati wa mapumziko, mmoja akasukumwa dirishani na kioo kikavunjika. Hakuna hata neno moja la hayo kwenye barua.

Dhana: "Utovu wa nidhamu" ni sababu tosha

Hiyo ni sifa ambayo shule imempa mtoto. Sababu ni tendo: alifanya nini, lini, wapi, na kanuni ipi ya shule inakataza. Kipimo changu ni chepesi. Soma sentensi ya sababu, halafu jiulize mzazi anaweza kuijibu vipi. Ikisema mwanao alipigana darasani Jumanne saa nne na nusu asubuhi, mzazi anaweza kumuuliza mtoto, anaweza kukubali, anaweza hata kuja kusema kwamba saa hiyo mtoto alikuwa kwa daktari na cheti hiki hapa. Ikisema ana utovu wa nidhamu uliokithiri, jibu pekee linalobaki ni "mwanangu si mtoto mbaya", na hapo tayari mmeanza kubishana juu ya malezi badala ya kilichotokea.

Kuna hasara nyingine isiyoonekana siku hiyo. Nakala ya barua hubaki kwenye jalada la mwanafunzi. Miaka miwili baadaye mwalimu mkuu mgeni akilifungua, "utovu wa nidhamu uliokithiri" unaweza kuwa wizi, bangi au kumpiga mwalimu. Kila msomaji atajaza mwenyewe. Kupigana mara moja na kuvunja kioo kungeonekana jinsi kulivyokuwa.

Wazazi nao hukosea hapa kwa upande wao. Wengi hudai barua imtaje mtoto wa pili aliyehusika na adhabu aliyopewa. Shule makini haitafanya hivyo. "Mwanafunzi mwenzake" inatosha, kwa sababu barua hii itasomwa na mjomba, jirani na kila anayeombwa ushauri, na yule mtoto mwingine ana haki ya jina lake kutozunguka.

Dhana: Mtoto anasikilizwa kwa hisani tu, barua inatosha

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989 unasema vingine. Ibara ya 12 inampa mtoto nafasi ya kusikilizwa katika mashauri yanayomhusu, na ibara ya 28 inataka nidhamu ya shule isimamiwe kwa namna inayoheshimu utu wake. Marekani suala hili lilifika Mahakama ya Juu mwaka 1975, katika kesi ya Goss dhidi ya Lopez. Wanafunzi walikuwa wamesimamishwa hadi siku kumi bila kusikilizwa. Mahakama iliamua kwamba hata kwa muda mfupi kama huo, mwanafunzi aelezwe anatuhumiwa nini, na akikana, aelezwe ushahidi uliopo na apewe nafasi ya kueleza upande wake. Iliacha mlango mmoja wazi: akiwa hatari kwa wenzake anaweza kuondolewa kwanza, ila asikilizwe mapema iwezekanavyo baadaye.

Kwenye barua hili linahitaji sentensi moja tu, nayo ndiyo huachwa mara nyingi: alisikilizwa lini, na nani, na alisema nini. "Alikubali kupigana, alikana kuanzisha." Maneno manne, na mzazi anajua kwamba mwanawe hakuhukumiwa akiwa amesimama mlangoni.

Dhana: "Siku tano" ni siku tano

Hebu tuhesabu kwa barua yetu ya Jumatano tarehe 12, katika shule isiyofundisha Jumamosi na Jumapili. Tukihesabu siku zote za kalenda kuanzia leo, zinaisha Jumapili tarehe 16 na mtoto anarudi Jumatatu tarehe 17. Tukihesabu siku za masomo peke yake kuanzia leo, zinaisha Jumanne tarehe 18 na anarudi Jumatano tarehe 19. Lakini leo mtoto alishaingia darasani asubuhi na barua ikatoka mchana, kwa hiyo mwalimu wa nidhamu anaanza kuhesabu kesho. Basi anarudi Alhamisi tarehe 20. Barua moja, tarehe tatu, na kila mmoja ana hesabu yake sahihi.

Matokeo yake huonekana getini. Mtoto anafika Jumatatu, mlinzi anamrudisha, mzazi aliyeomba ruhusa kazini amepoteza siku. Au kinyume chake: mzazi anangoja hadi Alhamisi, na kwenye daftari la mahudhurio Jumatano imeandikwa utoro, kosa jipya lililozaliwa na barua yenyewe.

Dawa ni kuandika tarehe mbili, ya kwanza kutohudhuria na ya kurudi, pamoja na saa. Idadi ya siku ibaki kama nyongeza, na isemwe kuwa ni siku za masomo. Mifumo mingi huhesabu hivyo: England, kwa mfano, kikomo ni siku 45 za shule kwa mwanafunzi mmoja katika mwaka mmoja wa masomo, ukijumlisha mara zote alizosimamishwa. Barua isiyo na tarehe ya mwisho kabisa, ile ya "hadi utakapojulishwa", niichukulieje? Mimi naihesabu kuwa ni kufukuza shule kwa mlango wa nyuma, na mzazi akiipata aulize tarehe kwa maandishi siku hiyo hiyo.

Dhana: Masharti yasipotimia, mtoto haruhusiwi kurudi hata siku zikiisha

Hapa ndipo barua yetu inapoharibika kabisa, kwa hiyo nitakaa kidogo. Ina masharti matatu, na kila moja ni la aina yake.

La kwanza, kuja na mzazi, ni la kawaida na linafaa, mradi liwe na siku na saa, na liruhusu mlezi au ndugu mwingine mtu mzima. Mzazi anayefanya kazi mbali hawezi kufika kwa sababu tu barua imemtaka. Simu iliyopigwa mapema au tarehe mbadala huondoa kikwazo hicho bila kumpunguzia mtoto adhabu.

La pili, kubadilika tabia, halipimiki. Mtoto atakuwa nyumbani siku zote hizo. Nani shuleni atakuwa amemwona akibadilika? Sharti hufaa pale mtu mwingine anapoweza kusema limetimia au halijatimia: ameandika na kusaini ahadi ya kutopigana, atakutana na mwalimu wa ushauri nasaha mara moja kwa wiki kwa wiki nne, atakaa dawati lingine. Mengi ya haya hufanyika baada ya kurudi, wala si tatizo. Barua itenganishe tu ya kutimiza siku ya kurudi na ya kuendelea nayo baadaye.

La tatu ni la fedha, nalo ndilo huleta kesi. "Gharama zote za uharibifu" ni kiasi gani? Kioo ni kimoja, waliopigana ni wawili. Barua itaje kilichoharibika, bei kwa mujibu wa risiti au makadirio ya fundi, na sehemu ya mtoto huyu. Kisha deni lifuatiliwe kwa njia yake, kwa makubaliano ya kulipa kidogokidogo ikibidi. Likifungwa na kurudi darasani, adhabu ya siku tano inageuka kuwa ya muda usiojulikana, na kinachoirefusha ni mfuko wa mzazi, wakati aliyesukumana naye, ambaye baba yake alilipa siku ile ile, yuko darasani.

Dhana: Kusaini ni kukiri kosa

Kwa dhana hii wazazi wengine hukataa kusaini, wakaondoka bila hata nakala. Saini kwenye nakala ya shule kwa kawaida huthibitisha kupokea. Ukiwa na wasiwasi, andika juu ya saini yako: "Nimepokea. Sikubaliani na aya ya kwanza," weka tarehe, uombe nakala. Lakini soma kwanza: fomu nyingine zina sentensi ya "ninakubali kosa la mwanangu" chini kabisa, na hiyo unaweza kuikata kwa mstari mmoja kabla ya kusaini. Barua nzuri hutaja pia malalamiko yapelekwe kwa nani na mwisho lini. Rufaa ya siku tano pengine itasikilizwa siku zikiwa zimeisha, ila bado ina kazi, kwa sababu kinachorekebishwa ni jalada.

Kuhusu kazi za darasani nitasema kwa ufupi: kusimamishwa hakumaanishi kunyimwa mazoezi. Uliza mwalimu wa darasa atayatuma vipi, na kama kuna mtihani ndani ya siku hizo, uliza utafanywa lini.

Barua ile ile, ikiandikwa upya

> YAH: KUSIMAMISHWA MASOMO KWA SIKU TANO ZA MASOMO
>
> Jumanne tarehe 11, saa 4:30 asubuhi, mwanao alipigana na mwanafunzi mwenzake ndani ya darasa, kinyume na kanuni ya 7 ya shule. Kioo kimoja cha dirisha kilivunjika. Alisikilizwa na kamati ya nidhamu siku hiyo saa 8:00 mchana. Alikubali kupigana, alikana kuanzisha.
>
> Hatahudhuria masomo kuanzia Alhamisi tarehe 13 hadi Jumatano tarehe 19. Atarudi Alhamisi tarehe 20, saa 1:30 asubuhi, akiwa na mzazi au mlezi, na ahadi ya maandishi ya kutopigana. Nusu ya gharama ya kioo itajadiliwa siku hiyo na haitazuia kurudi kwake. Mazoezi yatatolewa na mwalimu wa darasa. Ukitaka kupinga uamuzi huu, andika kwa mwenyekiti wa bodi ya shule kabla ya tarehe 26.

Ni ndefu kuliko ya kwanza kwa mistari michache tu. Kinachobaki ni karatasi ya Alhamisi tarehe 20, ambayo shule nyingi hazina: maandishi ya kwamba mwanafunzi alirudi, alikuja na nani, na masharti gani yametimia. Ibanwe pamoja na barua ile, na mzazi apewe nakala. Bila hiyo, jalada litaonyesha siku mtoto alipotolewa na halitaonyesha popote kwamba shauri lilifungwa.