Banki imelingana, lakini mteja wa Kenya bado anadaiwa

Nafanya hesabu za duka la jumla la vifaa vya ujenzi hapa Lubumbashi: saruji, mabati, nondo, misumari. Wateja wetu wengi wana maduka yao mitaani. Wanachukua mzigo kwa deni, kisha wanaenda kuweka dola kwenye akaunti yetu ya banki na kubaki na bordero mkononi.

Mwisho wa Machi nilimtumia ujumbe papa mmoja mwenye duka komini ya Kenya, hapa hapa mjini, kumkumbusha deni la dola 620. Akanipigia simu papo hapo. "Mama, nilisha kulipa tarehe sita. Bordero niko nayo."

Nilifungua taarifa ya banki. Tarehe 6 ziliingia dola 620. Nikafungua kitabu chetu: tarehe 6, dola 620, na alama yangu ya kalamu pembeni kuonyesha kwamba mistari hiyo miwili nilikwisha kuilinganisha. Kwa upande wa banki hapakuwa na kosa lolote. Na papa yule alikuwa anasema kweli.

Wahasibu wengi vijana wanakwama hapa, na mimi nilikwama miaka ya mwanzo. Kulinganisha banki kunajibu swali moja tu: pesa iliyoingia kule, tumeiandika huku? Hakuulizi tumeiandika kwa jina la nani. Malipo ya mteja yanaingia debiti kwenye 521, akaunti ya banki, na krediti kwenye 411, akaunti ya wateja. Ukikosea mteja, 521 inabaki sahihi, na hata jumla ya 411 inabaki sahihi, kwa sababu mmoja amepunguziwa kile kile ambacho mwingine hakupunguziwa. Unaweza kujumlisha usiku kucha usione kitu. Kosa limekaa ndani ya 411, kati ya mteja na mteja.

Basi sikutafuta tena banki. Nilitoa orodha ya wateja wote na salio la kila mmoja, nikatafuta wale ambao wao ndio wanaonekana kutudai sisi, yaani salio lao ni la krediti. Mteja wa kawaida hana sababu ya kuwa na salio la namna hiyo, isipokuwa ametanguliza pesa kabla ya mzigo, na malipo hayo ya kutanguliza sisi tunayaweka mbali, kwenye 4191. Alitokea mmoja: mwenye duka wa Rwashi, krediti ya dola 240. Alikuwa na fakture moja tu, ya dola 380, na malipo ya dola 620 ya tarehe 6. Toa 380 kwenye 620, unapata 240.

Nilipotazama namba zao ndipo nilipoelewa. Mteja wa Kenya ni 411027. Wa Rwashi ni 411072. Kidole kiligeuza tarakimu mbili za mwisho, na programu ikakubali, kwa kuwa namba zote mbili zipo.

Kuna dalili nyingine ambayo ningeiona mapema kama ningefanya letraji kila wiki. Letraji ni kuweka herufi moja kwenye fakture na kwenye malipo yanayoifunga, ili kila kilichofungwa kionekane. Dola 620 hazikufunga fakture yoyote ya Rwashi, kwa hiyo zilibaki bila herufi. Malipo yasiyo na herufi kwenye akaunti ya mteja mwenye deni la kiasi tofauti ndiyo mahali pa kwanza pa kushuku.

Lakini mwangalie mteja mwenye deni kubwa. Kama yule wa Rwashi angekuwa anadaiwa dola 5,000, salio lisingegeuka krediti. Na kama programu imepangwa kufunga fakture ya zamani zaidi yenyewe, dola 620 zingemezwa humo na herufi zingewekwa. Hapo dalili zote mbili zinafutika. Anayebaki wa kukuambia ni yule aliyeonewa tu, maana aliyepunguziwa deni hapigi simu. Ndiyo maana malalamiko ya mteja mwenye bordero siyapingi kabla ya kufuata hati yenyewe.

Kusahihisha ni haraka, ila kuna utaratibu. Chini ya sheria ya uhasibu ya OHADA, inayotumika kwetu, hufuti ingizo la zamani. Unaliandika tena lile lile kwa alama ya kutoa, kisha unaandika lililo sahihi:

```
521      debiti   -620
411072   krediti  -620

521      debiti    620
411027   krediti   620
```

Banki inabaki pale pale, Rwashi anarudi kudaiwa 380, na Kenya anafika sifuri. Kwenye maelezo naandika namba ya bordero na namba ya ingizo la kwanza, ili atakayesoma mwakani aone njia yote.

Mwezi huo huo nilikuwa na pesa ya aina nyingine, isiyo na mwenzake kabisa. Kitabu chetu kilisema dola 18,460, banki ikasema 19,595. Tofauti ni 1,135. Kwa mistari mingi natumia fomula moja ya Excel ya Kifaransa kwenye karatasi ya banki, kiasi kikiwa safu ya C:

```
=NB.SI(Livre!C:C;C2)-NB.SI(Banque!C:C;C2)
```

Inahesabu kiasi hicho kimetokea mara ngapi kitabuni, na kutoa mara ngapi kimetokea banki. Sifuri maana yake idadi ni sawa, na hasi maana yake banki ina mstari ambao sisi hatuna. (Kosa la 620 isingeliona, kwa sababu kiasi kilikuwepo pande zote mbili.) Ilinipa mistari miwili: gharama za banki dola 50, na dola 1,185 zilizoingia tarehe 27. Ongeza 1,185, toa 50, unapata 1,135.

Maelezo ya zile 1,185 yalikuwa `VERS ESP KATUBA`, VERS ESP ikiwa ni kuweka pesa taslimu, bila jina. Tuna mteja mmoja komini ya Katuba, na alikuwa anadaiwa dola 1,200. Kijana ninayefanya naye kazi akasema ni zake, zimepungua 15 za gharama. Nilikataa. Mtu akiweka pesa taslimu dirishani, bordero inaonyesha kiasi alichoweka, na "Katuba" pale ni tawi la banki lililopokea, wala si anwani ya mteja. Ukiziba dola 15 kwa dhana, unatengeneza Kenya na Rwashi wengine.

Tuliziweka kwanza kwenye akaunti ya kusubiri, kundi la 47, pamoja na tarehe na namba ya muamala, tukaomba banki nakala ya bordero. Wakati tunasubiri, nilijaribu kujumlisha fakture zilizo wazi, mbili mbili, mteja kwa mteja. Mama mmoja wa Likasi alikuwa na fakture za dola 740 na 445. Jumla 1,185 kamili. Hesabu pekee haikunitosha, lakini nakala ilipofika ilikuwa na jina la dereva anayembebea mzigo. Nikampigia mama yule. "Ndiyo, Mama, nilimpa yeye pesa, alipitia Katuba," akasema, akanitumia picha ya fakture zote mbili. Tukazitoa 47, tukazipeleka kwake, tukaweka herufi.

Tarehe 4 Aprili mteja wa Katuba aliweka dola 1,200 zake, kamili.