Pea plasi kwenye poka ya karata tatu

Pea plasi ni dau linaloshinda karata zako tatu zikiwa na jozi au zaidi, na ante ni dau la kumshindania mgawaji. Kuna ujumbe unaosambazwa: "Weka pea plasi tu, achana na ante. Inalipa hadi 40 kwa 1 na haijali karata za mgawaji."

Malipo hayo yapo, lakini karata 52 hutoa mikono 22,100, na 16,440 kati yake haina hata jozi. Cha kuangalia mezani ni malipo ya karata tatu za aina moja, tuseme kopa tupu, mikono 1,096.

Meza ikilipa 40 kwa mfuatano wa aina moja (mikono 48), 30 kwa tatu zinazolingana (52), 6 kwa mfuatano (720), 4 kwa aina moja na 1 kwa jozi (3,744), basi kwa dau la 1 katika kila mkono kati ya yote 22,100 unakusanya 15,928 na kupoteza 16,440. Pengo la 512 ni asilimia 2.3. Hiyo 4 ikiwa 3, pengo hufika 1,608, asilimia 7.3.

Ante hulipa 1 kwa 1, na ukiendelea na mchezo pale tu mkono wako ni malkia-6-4 au zaidi, kasino hubaki na asilimia 3.4 hivi ya ante. Kwa hiyo ujumbe huo usiusambaze: dau lililo bora hutegemea meza. Watu huchanganywa na ile 40, ambayo huja mara 48 tu.